Unauza kuku wa Singida mtandaoni? Chanjo ya mdondo ianze kijijini, siku 14 kabla ya mzigo

Wauza kuku wenzangu, leo tuongee na wale mnaokusanya kuku wa kienyeji vijijini, mnawaposti kwenye stetasi, halafu mnapakia kwenye matenga kwenda Dar. Msimu wa kiangazi ndio huu, na mdondo, au kideri kama wengine wanavyouita, hupenda sana miezi hii. Hauna dawa. Ukishaingia kwenye banda lako pale Singida Mjini, kuku 60 wa oda wanaweza kuisha ndani ya wiki moja huku hela ya mteja umeshaila.

Wengi wanafanya hivi: kuku wanafika kutoka kijijini leo, jioni wanapewa chanjo, kesho kutwa wanapanda basi. Hiyo ni hela ya bure. Kwanza, chanjo haifanyi kazi siku ileile. Mwili wa kuku unahitaji siku 7 hadi 14 kujenga kinga. Pili, kuku akishaambukizwa anaweza kukaa siku 5 au 6, mara nyingine hata wiki mbili, akiwa anakula vizuri na macho yameng'aa. Unamchanja akiwa tayari anao ugonjwa, na chanjo haiponyi. Halafu umemweka kwenye banda moja na wenzake kutoka vijiji vitatu.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wa mnadani wanalijua ila hawalisemi. Mdondo ukianza kijijini, watu huwahi kuuza kuku kabla hawajafa. Kwa hiyo ukiona bei imeshuka ghafla kiangazi na kila mtu anataka kukuuzia, usifurahi haraka. Uliza kwanza kwa nini.

Njia inayoeleweka ni kuchanja huko kwa wafugaji unaonunua kwao. Chanjo inayofaa kwa kazi hii ipo hapahapa nchini. Inaitwa TEMEVAC, inatengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), kwa kutumia aina ya kirusi cha mdondo inayoitwa I-2, kisicholeta ugonjwa na kinachovumilia joto kuliko chanjo za kawaida. Kwa sisi ambao umeme unakatika bila taarifa, huo uvumilivu ndio faida yenyewe.

Lakini hapo ndipo watu wanapoharibu. Wanasikia "inavumilia joto" halafu chupa inakaa kwenye dashibodi ya gari au mfukoni mwa bodaboda mchana kutwa. Inavumilia joto kwa muda, jua haivumilii. Na chupa iliyoharibika huwezi kuijua kwa macho: haibadiliki rangi wala harufu. Utajua baadaye, kuku waliochanjwa wakianza kuharisha kijani na kupinda shingo.

Basi itunze hivi. Nyumbani, kaa nayo kwenye friji sehemu ya kawaida, si kwenye friza. Kwenye friza jaza chupa za maji ziwe barafu muda wote umeme upo. Umeme ukikatika, hamishia mbili chini, funga mlango na usifungue fungue, ila zisigusane na chanjo. Siku ya kwenda kijijini, weka chupa ya chanjo kwenye kiboksi cha baridi kama kile cha kubebea samaki, pamoja na barafu iliyofungwa kwa gazeti. Huna kiboksi? Chupa ya chai yenye mdomo mpana inatosha.

Ukikosa barafu kabisa, funga chanjo kwenye kitambaa kilicholowa, weka kwenye kikapu cha ukindu kinachopitisha hewa, funika juu jua lisiingie. Maji yanavyokauka kwenye kitambaa yanaondoka na joto, na hapa kwetu hewa ni kavu na upepo upo wa kutosha, hivyo njia hii inafanya kazi vizuri kuliko ingekuwa Dar au Tanga. Kazi yako ni kukilowesha tena kila kinapoanza kukauka. Kama chanjo uliyopata ni ile kavu ya kuchanganya, usichanganye mjini. Changanya ukishafika, kwa maji yaliyoelekezwa, kwa sababu ikishachanganywa uvumilivu wake unapungua sana.

Sasa tupige hesabu ya mzigo mmoja. Tuseme una oda ya kuku 60 wa kuondoka tarehe 20 Julai, na unanunua kwa kaya 9 upande wa Mtinko. Siku ya mwisho ya kuchanja ni tarehe 6 Julai, ila lenga tarehe 3 au 4 ili mvua ya sababu isikubane. Piga simu kwa kila kaya, hesabu kuku wote, si wale wa kuuza tu. Tuseme wanafika 140 pamoja na vifaranga. Kwa chupa za dozi 100 unahitaji mbili, na dozi 60 zinabaki. Usizirudishe mjini kuzitunza. Chanja kuku wa majirani siku hiyohiyo, maana kuku wao na wa mfugaji wako wanachakura jalala moja.

Fika usiku kuku wakiwa wamelala, au alfajiri kabla mlango haujafunguliwa. Ukifika saa nne asubuhi utakimbizana na majogoo hadi uchoke. Dozi ni tone moja kwenye jicho moja, kwa kuku wa umri wowote, kifaranga na jogoo sawa. Laza kichwa upande, shika chupa wima kabisa ili matone yalingane, dondosha, subiri kuku apepese jicho ndipo umwachie. Ukimwachia haraka tone linamwagika na utakuwa umemhesabu bure. Aliyezubaa au anayekohoa usimchanje, na kaya yenye kuku wanaokufa iruke kabisa, usinunue hapo. Ukimaliza nawa mikono, na usishike macho.

Andika kwenye daftari kaya, tarehe na idadi. Kwenye posti yako tarehe hiyo ina thamani: "wamechanjwa mdondo tarehe 3 Julai" mteja wa Dar anayefuga anaielewa na atailipia. Wengine watauliza kama nyama au mayai yana madhara. Hayana.

Kinga hii inahitaji kurudiwa kila miezi mitatu, hivyo kaya hizo zirudie mwanzoni mwa Oktoba. Kuku wasionunuliwa usiwarudishe kijijini, maana wameshachanganyika na wa sehemu nyingine bandani kwako. Wauze hapahapa mjini.

Ikitokea kuku waliochanjwa kwa wakati wanakufa kwa wingi, mwite afisa mifugo wa kata kabla ya kulaumu chupa. Homa ya matumbo ya kuku nayo inaua, na ndui inawachakaza vifaranga, na TEMEVAC haizuii hata moja kati ya hizo. Chanjo ya ndui ipo, lakini hiyo haina uvumilivu wa I-2: inataka nyuzi 2 hadi 8 muda wote. Kitambaa na kikapu haviwezi kuifikisha huko, kwa hiyo kama huna kiboksi na barafu ya uhakika, mwachie mtaalamu aje nayo mwenyewe.