Je, Wajua? Matokeo ya 2-1 hugeuka tarehe

Ukipiga picha matokeo na msimamo wa ligi gazetini na kuviingiza Excel kwa `Data > From Picture`, matokeo ya 2-1 yanaweza kugeuka tarehe. Mabao ya kila timu yape safu yake.

Kisha usiiamini picha. Hesabu pointi upya: ushindi ukiwa safu C na sare D, andika:

```
=3*C2+D2
```

Timu yenye ushindi 8 na sare 3 hupata pointi 27. Excel ikisoma 8 kama 3, kosa la kawaida wino ukififia, utapata 12 huku gazeti likisema 27. Hapo umelikamata kosa! Ila timu iliyokatwa pointi nayo itatofautiana, bila kosa la mtu.