Risiti ya Mawe na Saruji: Hesabu ya Ushuru Unapouza Nyumba

Kenya ilikaa takriban miaka thelathini bila kutoza faida ya kuuza nyumba na ardhi. Ushuru huo uliositishwa 1985 ulirudi Januari 2015 kwa asilimia 5 na wengi hawakuuhisi. Tangu Januari 2023 ni asilimia 15, na hapo ndipo wauzaji walipoanza kufukua makabati wakitafuta karatasi za zamani.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba asilimia hiyo hutozwa bei yote ya mauzo. Hutozwa faida tu, na faida hupatikana kwa kutoa mara mbili: kwanza gharama za kuuza zinatolewa kwenye bei, kisha kinachobaki kinatolewa gharama ya kuipata mali na kuiboresha.

Tuchukue nyumba ya kupangisha mjini Nakuru, iliyonunuliwa 2014 kwa shilingi milioni 6 na kuuzwa 2024 kwa milioni 11.5. Mwenyewe, akihesabu kwa kichwa, anaona faida ya milioni 5.5 na ushuru wa shilingi 825,000. Hiyo ndiyo hesabu ya mtu asiye na karatasi.

Sasa fungua faili. Aliponunua alilipa ushuru wa stempu wa asilimia 4, yaani 240,000, na wakili 90,000. Pesa hizo ni sehemu ya gharama ya kuipata nyumba, ingawa ndizo zinazosahaulika zaidi. Miaka minne baadaye alijenga ukuta wa mawe na vyumba viwili vya nyuma kwa 1,450,000. Jumla ya gharama ni 7,780,000. Alipouza, dalali alichukua 345,000, wakili 115,000, na matangazo yakala 20,000, kwa hivyo bei inashuka hadi 11,020,000. Faida halisi ni 3,240,000 na ushuru ni 486,000. Faili hiyo imemwokolea shilingi 339,000.

Lakini kuna risiti moja humo yenye utata: 180,000 za kupaka rangi na kubadilisha mabomba kabla ya wapangaji wapya kuingia. Maboresho ni yale yanayoongeza thamani ya mali na bado yapo inapouzwa. Kuirudisha nyumba katika hali iliyokuwa nayo ni ukarabati. Uchungu ni kwamba mwenye nyumba anayelipa ushuru wa kodi za wapangaji kwa kiwango kimoja cha mapato yote haruhusiwi kutoa gharama huko pia. Rangi hiyo huenda isipate pa kuingia. Anayeichanganya na ukuta anapunguza ushuru kwa 27,000 tu, na anampa mkaguzi sababu ya kuishuku faili nzima.

Hesabu hii pia haijali mfumuko wa bei. Milioni 6 za 2014 zinabaki milioni 6, hata kama saruji na unga vimepanda vipi tangu hapo. Kwa maoni yangu hili ndilo dai zito kuliko yote wanayotoa wauzaji wa mali za miaka mingi, zito kuliko hata kile kiwango cha asilimia 15.

Wapo wasiolipa kabisa: aliyeishi mwenyewe katika nyumba hiyo mfululizo miaka mitatu kabla ya kuiuza, na anayeuza ardhi isiyozidi thamani ya milioni 3. Mwenye nyumba wetu wa Nakuru hakuishi humo, kwa hivyo anajaza fomu yake kwenye iTax. Asisubiri hati ihamishwe ikiwa pesa zote zimeshaingia, kwani ushuru hudaiwa kwa tukio lolote litakalotangulia kati ya hayo mawili.

Ushuru wa stempu ni mzigo wa mnunuzi, tena haupunguzwi kwa gharama yoyote. Mjini ni asilimia 4 na mashambani asilimia 2. Kwa milioni 11.5 ni 460,000, ila mthamini wa serikali akisema nyumba ina thamani ya milioni 12, mnunuzi analipa 480,000.

Ndiyo maana baadhi ya wauzaji na wanunuzi hukubaliana kuandika bei ndogo kwenye mkataba, tuseme milioni 8, na pesa zinazobaki zipitie mkononi. Ni kosa la jinai, na mthamini anaweza kuikataa bei hiyo. Ila hata ikipita, anayepunjika ni mnunuzi. Ameokoa 140,000 za stempu, lakini siku atakapouza, gharama yake kwenye rekodi ni milioni 8, si 11.5. Zile milioni 3.5 zitahesabiwa kuwa faida yake, na kwa kiwango cha sasa atazilipia shilingi 525,000.