Dumu Lililowahi Kubeba Dawa

Tarehe 16 Julai 2013, katika shule ya msingi ya kijiji cha Gandaman, jimbo la Bihar nchini India, watoto walipakuliwa wali na mchuzi wa soya na viazi. Mpishi alikuwa ameshaona kwamba mafuta yana rangi na harufu ya ajabu. Watoto 23 walikufa. Maabara ilikuta monokrotofosi, dawa ya kuulia wadudu mashambani, ndani ya mafuta na kwenye mabaki ya chakula. Maofisa walieleza kuwa mafuta yalihifadhiwa kwenye chombo kilichowahi kuwekwa dawa.

Watu wengi huamini maji ya moto, sabuni na mchanga vinatosha kulisafisha dumu la namna hiyo. Havitoshi, kwanza kwa sababu ya umbo lake. Mpini wa dumu una uwazi ndani, na brashi haifiki humo. Matone hubaki pale, na mengine hukaa kwenye mikunjo ya mfuniko. Pili, plastiki hunywa. Dawa nyingi za shambani huyeyushwa kwenye kimiminika cha jamii ya petroli, ambacho huzama ndani ya ukuta wa dumu. Sabuni huosha uso tu. Kilichozama hurudi nje polepole, siku baada ya siku. Mafuta ya kula ndiyo hukivuta zaidi, kwa kuwa dawa za aina hiyo huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Unga na mahindi makavu havivuti kiasi hicho, lakini hushika vumbi na mabaki yaliyoganda.

Ule ushauri wa kusuuza mara tatu umeeleweka vibaya. Mkulima husuuza ili maji ya suuza yaingie kwenye bomba la kupulizia na kuishia shambani, kisha hulitoboa dumu lisitumike tena. Haukutolewa kwa ajili ya jikoni.

Sokoni kazi ni ngumu zaidi. Namba 2 ndani ya pembetatu chini ya dumu hutaja aina ya plastiki tu, haisemi lilibeba nini. Hata dumu la njano la mafuta ya kula huenda lilipitia kwa fundi rangi au mpuliza dawa kabla ya kuoshwa na kuuzwa. Ukilifunga likiwa kavu, ukalianika juani na kulinusa, harufu itakupa sababu ya kulikataa. Lisiponuka, hujathibitisha kitu. Mimi ningenunua kwa muuza chipsi aliyemimina mafuta yake mwenyewe.

Mtu akila kisha akaanza kutapika, kutokwa mate na jasho jingi, mboni za macho zikawa ndogo na pumzi ikabana, mpelekeni hospitali mara moja. Chukueni na chombo chenyewe pamoja na lebo yake, kama ipo: daktari akijua ni dawa gani, atajua kama atropini inahitajika.