Kiu inayoongezwa na maji

Homa ya matumbo ikitoboa utumbo mdogo, daktari mpasuaji hulazimika mara nyingine kuutoa mwisho wa utumbo nje ya tumbo, kinyesi kiingie kwenye mfuko. Tundu hilo huitwa stoma. Likishatulia, kwa kawaida hutoa chini ya lita moja kwa siku, uji mzito. Zikifika lita moja na nusu au mbili, mgonjwa yuko hatarini.

Tuseme kijana katolewa wodini juzi. Mfuko haukai saa mbili bila kujaa, kinachotoka ni majimaji matupu. Akisimama anaona kizunguzungu, mkojo ni kidogo tena wa rangi ya chai. Ana kiu kali, na mama yake, kwa huruma tu, anamletea maji, juisi na madafu. Kila akinywa, mfuko unajaa zaidi.

Maji hayo hayana chumvi ya kutosha. Yakifika kwenye utumbo uliofupishwa, chumvi ya mwilini hutoka kuyafuata, kisha vyote viwili huishia mfukoni. Kipimo cha jagi kikionyesha lita 2.6 kwa siku, kijana huyu anapoteza takriban gramu 15 za chumvi, karibu vijiko vitatu vya chai. Kipimo cha sodiamu kwenye mkojo kikisoma chini ya 20, mwili umeanza kuibania chumvi.

Hospitalini huanzia na dripu ya maji ya chumvi mpaka kiu ipoe. Hapo hutafutwa chanzo pia: usaha tumboni, maambukizi, au utumbo ulioziba nusu. Kisha maji, chai na juisi hupunguzwa, mara nyingi hadi nusu lita kwa siku, na nafasi yake huchukuliwa na lita moja ya mchanganyiko unaojulikana kwa jina la hospitali ya St Mark's, London: glukosi gramu 20, chumvi gramu 3.5 na magadi ya kuokea gramu 2.5. Glukosi ndiyo inayoivuta chumvi ipite ukuta wa utumbo. Vipimo vifanyike kwa mizani ya duka la dawa, si kwa kukisia. Una haki ya kulalamika kuwa hauna ladha. Upoze kwenye friji, unywe kidogo kidogo.

Loperamaidi humezwa nusu saa kabla ya kula. Chakula kiwe wali, ugali, viazi au ndizi, kilichotiwa chumvi zaidi ya kawaida. Maharage, kabichi na matunda yenye nyuzi yasubiri. Usinywe pamoja na chakula, acha nusu saa kabla na baada.

Mwenye ugonjwa wa moyo, figo au presha asiongeze chumvi bila daktari wake. Na yeyote ambaye mkojo umekatika, amechanganyikiwa au misuli inamkaza, apelekwe hospitali leo hii.