Fundi angalikuja jana

Juzi nilisahihisha barua ya mtu aliyemlalamikia fundi seremala. Iliandikwa: "Kama fundi angekuja jana, angalizikuta mbao. Akija kesho atazikosa." Sentensi ya pili ni safi. Ya kwanza inaeleweka, lakini nusu zake mbili hazikubaliani.

Mimi huanza kwa swali moja: mlango bado uko wazi? Kesho haijafika, fundi anaweza kuja au asije, kwa hiyo "akija" imekaa mahali pake. Jana imekwisha na fundi hakuja. Hapo ndipo penye kazi ya -ngali-, kiambishi kinachosimulia jambo ambalo lingewezekana zamani lakini halikutokea. Na kikishawekwa upande wa sharti, upande wa matokeo nao hukihitaji: "Fundi angalikuja jana, angalizikuta mbao." Neno "kama" mbele yake si kosa, ila sentensi inasimama bila hilo.

Ili kuhakikisha, geuza kila nusu iwe habari tupu. Angalikuja: hakuja. Angalizikuta: hakuzikuta. Habari zikiwa kweli, sentensi imejengeka. Ukanusho nao hugeuka vivyo hivyo: "Asingalichelewa, angalizikuta mbao" maana yake ni kwamba alichelewa na hakuzikuta. Wengi hujikwaa hapa, wakaandika "asingalichelewa" wakimkusudia mtu aliyewahi.

Je, kama hujui fundi alikuja au la? Usiandike "akija jana", wala usitumie -ngali-, kwa kuwa itamshitaki mtu ambaye huenda alifika. Sema "Kama alikuja jana, alizikuta mbao."

Ukanusho wa -ki- una sura nyingine kabisa: "akija" huwa "asipokuja". Angalia pia ile ku- ya kitenzi kifupi. Katika "akija" imetoweka, katika "angalikuja" na "asipokuja" imebaki. Sababu iko masikioni: mkazo wa neno huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na -ki- huweza kuubeba, a-KI-ja. Mwisho wa -ngali- na wa -sipo- hauubebi, basi ku- hubaki ili iupokee, angali-KU-ja. Anayeandika "angalija" atasikia kasoro akilisoma kwa sauti.

Mitaani -nge- imeichukua nafasi ya -ngali-, na watu husema "angekuja jana, angezikuta" wakaelewana vizuri. Neno "jana" linabeba mzigo wa wakati. Sioni haja ya kumkatiza mtu anayezungumza. Katika maandishi ninatetea -ngali-, kwa sababu ukiiondoa "jana" katika "angekuja, angezikuta", msomaji hajui tena kama mbao bado zinamsubiri fundi au zimekwisha kuuzwa. "Angalikuja, angalizikuta" inamwambia kwamba nafasi imepita.

Mwenye barua nilimrudishia na sahihisho moja tu: "angekuja" iwe "angalikuja".