Sentensi moja ya barua ya ajira, mishahara mitatu tofauti

Barua ya ajira inasema: "Utalipwa shilingi 1,000,000 kwa mwezi pamoja na posho ya nyumba na usafiri." Mwajiriwa anaweka sahihi, mwajiri anaweka mhuri, na barua inapelekwa kwa mhasibu wa mishahara. Hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu sentensi hiyo inaweza kusomwa kwa namna tatu. Huenda milioni moja ni mshahara wa msingi na posho zinaongezwa juu yake. Huenda ni jumla, na posho zimo ndani. Huenda pia waliopatana mdomoni walikusudia fedha ambazo mtu atazipokea baada ya makato yote.

Kompyuta ya mishahara haielewi nia ya mtu. Inataka namba, na kila namba ina sehemu yake. Mhasibu anayejua kazi hasomi barua mara moja akajaza fomu. Huichambua sentensi kwa sentensi, na kwa kila malipo au makato yaliyotajwa hujibu maswali matano: ni kiasi gani au asilimia ngapi, asilimia hiyo ni ya nini, inaanza lini, inakoma lini, na ina sharti gani. Swali ambalo barua hailijibu huachwa wazi na kurudishwa kwa afisa rasilimali watu. Halijazwi kwa kukisia.

Tuchukue barua ya mfano ya kampuni binafsi Tanzania Bara. Mwajiriwa ni afisa manunuzi, daraja la C2, anaanza kazi tarehe 16 Juni 2025. Mshahara wa msingi ni Sh 1,000,000 kwa mwezi. Posho ya nyumba ni asilimia 15. Posho ya usafiri ni Sh 120,000. Gharama za simu za kazi zitarejeshwa hadi Sh 30,000 kwa mwezi, kwa risiti. Kampuni itamkopesha Sh 600,000 za kulipia pango, zitakazokatwa kwa awamu sita zilizo sawa kuanzia mwezi wa pili. Majaribio ni miezi mitatu, na akithibitishwa mshahara "utapitiwa upya".

Mshahara wa msingi umeandikwa wazi, na hilo ni jambo kubwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 huutenganisha mshahara wa msingi na posho, malipo ya saa za ziada na malipo ya usiku. Saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kwa hiyo mhasibu akichanganya posho na msingi, kosa halibaki kwenye mstari mmoja wa hati ya mshahara. Linaingia pia katika kila hesabu inayoutegemea msingi.

Posho ya nyumba haikusema ni asilimia 15 ya nini. Kwa kawaida itakuwa ya mshahara wa msingi, yaani Sh 150,000, lakini kawaida haitoshi. Mhasibu huandika jibu baada ya kuliona kwenye kanuni za kampuni au kulipata kwa maandishi. Usafiri hauna utata. Simu ni jambo jingine kabisa: neno "hadi" linaonyesha kikomo, na neno "risiti" linaonyesha sharti. Hiyo si posho ya kila mwezi. Ni marejesho ya gharama, hulipwa kwa kiasi kilichotumika, na mwezi ambao hakuna risiti hakuna malipo. Akiiweka Sh 30,000 kama malipo ya kudumu, ataigeuza kuwa kipato na mfanyakazi atakatwa kodi kwa fedha alizozitumia kumfanyia mwajiri kazi.

Sasa hesabu ya mwezi kamili. Msingi, nyumba na usafiri ni jumla ya Sh 1,270,000. NSSF hukata asilimia 10 kwa upande wa mfanyakazi, yaani Sh 127,000. Zinabaki Sh 1,143,000 za kutozwa kodi ya ajira, PAYE. Kwa kipato kinachozidi milioni moja kwa mwezi, kodi ni Sh 128,000 na asilimia 30 ya kinachozidi hapo. Kodi inakuwa Sh 170,900, na mfanyakazi anabaki na Sh 972,100 kabla ya makato ya mkopo wa pango.

Turudi kwenye ile sentensi ya mwanzo. Kama milioni moja ingesomwa kuwa ni jumla iliyobeba posho zote, NSSF ingekuwa Sh 100,000, kodi Sh 103,000, na fedha za mkononi Sh 797,000. Na kama makubaliano yalikuwa milioni moja ya mkononi, mwajiri angelazimika kuandika mshahara ghafi wa karibu Sh 1,314,286 ili baada ya NSSF na kodi ibaki milioni kamili. Kati ya msomo wa kwanza na wa pili kuna tofauti ya Sh 175,100 kila mwezi kwa mtu mmoja, na yote imetokana na maneno mawili, "pamoja na".

Tarehe nayo ina mtego wake. Aliyeanza tarehe 16 Juni hakufanya kazi mwezi mzima. Ukigawa kwa siku za kalenda, amefanya 15 kati ya 30, na msingi wake wa Juni ni Sh 500,000. Ukigawa kwa siku za kazi, Jumatatu hadi Ijumaa, amefanya 11 kati ya 21, na msingi ni takriban Sh 523,810. Njia zote mbili hutumika, na mhasibu hufuata ile ambayo kampuni imeiandika kwenye kanuni zake. Kosa ni kutumia ya kwanza kwa huyu na ya pili kwa yule. "Utapitiwa upya" haizai namba yoyote. Ni kikumbusho cha mwezi wa Septemba tu, na mshahara haubadiliki mpaka ije barua nyingine.

Kwenye makato, barua nyingi husema tu "makato ya kisheria yatakatwa". Sentensi hiyo haiongezi wala haipunguzi kitu, kwa kuwa PAYE na michango ya hifadhi ya jamii hukatwa hata barua ikinyamaza. Kinachohitaji macho ni makato yaliyo nje ya sheria za kodi na hifadhi ya jamii. Mkopo wa pango umekubaliwa kwa maandishi, kwa hiyo unaingia kama Sh 100,000 kuanzia Julai hadi Desemba 2025. Ile Desemba lazima iandikwe. Makato yasiyo na tarehe ya mwisho huendelea Januari na Februari bila mtu kushtuka, mpaka mwenyewe aje kulalamika.

Kuna pia kifungu kinachopenda kujificha kwenye ukurasa wa mwisho: "Hasara yoyote itakatwa kwenye mshahara." Hicho hakiingizwi kwenye mfumo hata kidogo. Sheria hiyohiyo ya 2004 inataka hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato ya namna hiyo yasizidi robo ya ujira wake. Kuna na makato ambayo barua haiyataji kamwe. Mhitimu aliyesomeshwa kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa mwajiriwa wetu hiyo ni Sh 150,000, na mkononi zingebaki Sh 822,100. Ndiyo maana fomu ya taarifa za mwajiriwa husomwa sambamba na barua. Kwa upande mwingine, mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ni mzigo wa mwajiri. Ukiuona kwenye safu ya makato ya mfanyakazi, kuna aliyekosea.

Serikalini barua husomwa kwa jicho jingine. Mwalimu mwenye shahada anayeanza kazi hupangiwa ngazi ya TGTS D1. Herufi ni kundi la mshahara, na namba ni hatua ndani ya kundi hilo. Kiasi cha fedha hutoka kwenye waraka wa mishahara, na waraka hubadilika barua ikibaki ileile. Mei Mosi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kupanda kwa asilimia 35.1, kutoka Sh 370,000 hadi Sh 500,000, kuanzia Julai. Mhasibu aliyenakili shilingi peke yake kutoka kwenye barua ya zamani anabaki na namba iliyopitwa na wakati. Aliyenakili ngazi anaifuata ngazi hadi kwenye waraka mpya. Hata kodi hutofautiana: sheria ya kodi ya mapato huzisamehe posho kama za nyumba na usafiri wanazolipwa watumishi wa Serikali na taasisi zinazotegemea ruzuku yake, ilhali posho kama hizo kwenye kampuni binafsi hutozwa kodi. Kwa sababu hiyo, aina ya mwajiri nayo ni taarifa ya kunakili.

Kampuni binafsi nazo zina madaraja yao. Kama C2 kwenye jedwali la kampuni inaanzia Sh 1,100,000 na barua inasema milioni moja, mhasibu hana mamlaka ya kuchagua. Anaisimamisha barua na kuomba ya marekebisho. Namba inayogombana na daraja mara nyingi ni dalili kwamba barua imenakiliwa kutoka kwa mwajiriwa mwingine na sehemu moja ikasahaulika kubadilishwa.

Kugundua kosa kabla fedha hazijatoka hakuhitaji mitambo. Mtu wa pili huchambua barua ileile bila kuona karatasi ya wa kwanza, kisha majibu yao hulinganishwa. Namba iliyoandikwa kwa tarakimu hulinganishwa na iliyoandikwa kwa maneno, hasa barua ikiwa imeskaniwa na sifuri moja imefifia. Kisha hutengenezwa hati ya mshahara ya majaribio na kuonyeshwa mwajiriwa kabla mishahara ya mwezi haijafungwa. Yeye ndiye anayejua aliahidiwa nini.

Kwa wewe unayekaribia kupewa barua: kabla ya kuweka sahihi, omba iandikwe mshahara wa msingi peke yake, kila posho kwenye mstari wake na asilimia yake ni ya nini, na kila makato yawe na mwezi wa kuanza na wa kukoma. Mwajiri akisema milioni moja, muulize ni ya msingi, ya jumla au ya mkononi, na jibu lake liingie kwenye barua.